Kiashiria mwelekeo kinapotoka, upeo bandia umelala: kutafuta chanzo kabla ya kung'oa chombo

Kabla ya kuruka ulilinganisha kiashiria mwelekeo na dira ya sumaku, vikasoma sawa. Robo saa baadaye dira inasema 090 na kiashiria kinasema 085. Digrii hizo 5 zinaweza kuwa zimetoka kwenye mzunguko wa Dunia, kwenye safari yenyewe, kwenye bomba la hewa, au ndani ya chombo. Fundi asiyezitenganisha atang'oa chombo na kukipeleka karakana, kitarudi na cheti kwamba ni kizima, na ndege itaendelea kupotoka vilevile.

Mwongozo huu unahusu vyombo viwili vya jairo vinavyoendeshwa kwa hewa ya kufyonzwa, vile vya ndege ndogo za pistoni: kiashiria mwelekeo, na upeo bandia unaoonyesha ndege imelala au imenyanyua pua kiasi gani. Vya umeme vinafuata fizikia ileile, ila pale tunaposema ufyonzaji wewe angalia volti na bendera nyekundu ya onyo.

Mambo mawili yanayofanywa na rota

Ndani ya kila chombo kuna rota, gurudumu dogo zito lililofungwa kwenye fremu zinazozunguka kwa uhuru, ziitwazo gimbali. Mkondo wa hewa unapiga vijishimo vya ukingoni mwake na kuizungusha zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ikishapata mwendo huo, mhimili wake unakuwa mkaidi: unabaki umeelekea palepale angani hata ndege ikigeuka kuuzunguka. Huo ndio ukakamavu, na unategemea uzito wa rota, jinsi uzito huo ulivyosambaa kuelekea ukingoni, na kasi ya mzunguko. Uzito haubadiliki. Kasi ndiyo inayobadilika, na ndiyo tutakayoihangaikia.

Jambo la pili ni presesheni. Shika gurudumu la baiskeli kwa ekseli yake mbele yako, mtu alizungushe kwa nguvu, sehemu ya juu ikienda mbele kama linavyoviringika barabarani. Sasa lilaze kuelekea kulia. Utashangaa: gurudumu halitosheki na kulala, linajipinda kama usukani uliokatwa kulia. Uliisukuma sehemu ya juu, lakini matokeo yameonekana mbele, robo mzunguko baadaye. Nguvu yoyote inayopinda mhimili wa rota hujibiwa hivyo, digrii 90 mbele kwa kufuata mzunguko. Kadiri rota inavyokwenda kasi, ndivyo mhimili unavyosogea polepole kwa nguvu ileile. Kasi ikipungua kwa robo, mpotoko unaongezeka kwa theluthi. Kumbuka uwiano huo, tutaurudia kwenye hesabu.

Vyombo hivi viwili vinatofautiana mahali pamoja tu penye maana kwa mtafuta hitilafu. Upeo bandia una mhimili uliosimama wima, na una kitu cha kuukumbusha wima ni wapi, yaani mvuto wa Dunia. Kiashiria mwelekeo kina mhimili uliolala, na hakina chochote cha kukikumbusha kaskazini ni wapi. Kinachokijua ni kule ulikokiweka ulipobonyeza kitufe. Kwa hiyo makosa ya upeo bandia huja na kuondoka, lakini ya kiashiria mwelekeo hujilimbikiza mpaka rubani ayafute kwa mkono.

Dalili: kiashiria mwelekeo kinapotoka polepole, upande mmoja, kila safari

Anza na Dunia. Mhimili wa rota umeshikilia anga, na ardhi chini yake inazunguka. Kwenye ncha ya Dunia kiashiria kingeonekana kupotoka digrii 15 kila saa bila kasoro yoyote. Kwenye ikweta kisingepotoka hata kidogo kwa sababu hiyo. Katikati ni suala la latitudo. Kisha kuna safari: ukiruka kwenda mashariki au magharibi, kaskazini ya kweli inageuka kidogo kidogo kadiri unavyovuka meridiani.

```
Dunia:   15 × sin(latitudo)                        digrii kwa saa
Safari:  (noti kwenda mash./magh. ÷ 60) × tan(latitudo)   digrii kwa saa
```

Kaskazini mwa ikweta Dunia hufanya namba kwenye kiashiria ipungue, kusini huifanya iongezeke. Kuruka kuelekea mashariki huongeza athari hiyohiyo ya Dunia, kuruka kuelekea magharibi huipunguza, na hili ni kweli pande zote mbili za ikweta.

Vyombo vingi vina namna ya kuifidia Dunia. Kwenye gimbali ya ndani hufungwa nati ndogo, na kwa kuisogeza mtengenezaji hutia uzito usio na usawa kwa makusudi. Uzito huo unavuta chini, presesheni inaugeuza kuwa mzunguko wa kulalia, na kiashiria kinapotoka kinyume cha Dunia kwa kiasi kilekile. Ujanja mzuri, lakini ni wa latitudo moja tu.

Hapa ndipo vyombo vizima vinapolaumiwa bure. Chukua kiashiria ambacho nati yake imewekwa kwa latitudo 50 kaskazini. Kwa latitudo hiyo Dunia inapunguza digrii 11.5 kwa saa, kwa hiyo nati inaongeza 11.5. Kipeleke kwenye ikweta: Dunia haipunguzi chochote, nati bado inaongeza 11.5. Hiyo ni karibu digrii 3 kila robo saa. Kipeleke latitudo 15 kusini: Dunia sasa inaongeza 3.9 juu ya zile za nati, jumla digrii 15.4 kwa saa. Hakuna beringi iliyokufa, hakuna uvujaji. Ukiona kiashiria kinachoongeza namba kwa kiwango kilekile kila siku, kiwe cha moto au cha baridi, jambo la kwanza kuuliza ni chombo kilitoka wapi na kilisawazishwa kwa latitudo ipi. Nati hurekebishwa kwenye karakana ya vyombo, kwa kuwa lazima kasha lifunguliwe. Si kazi ya kufanyia chini ya dashibodi.

Kinyume chake pia kinafaa kukumbukwa. Karibu na ikweta, Dunia haiwezi kuwa kisingizio. Kwa latitudo 6 inachangia digrii 1.6 tu kwa saa. Chombo kisicho na nati ya fidia kikipotoka digrii 5 kwa robo saa huko, tatizo liko ndani ya ndege.

Jaribio la ardhini

Ndege iliyosimama haihitaji dira. Haigeuki, basi chochote kinachosogea kwenye kiashiria ni mpotoko. Egesha ikielekea upepo, weka kabari kwenye matairi, washa injini na upandishe mizunguko hadi kipimo cha ufyonzaji kiingie kwenye eneo la kijani. Kwenye ndege nyingi hiyo ni karibu 1,700 kwa dakika, na kipimo husoma inchi 4.5 hadi 5.5 za zebaki. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Subiri dakika 5 rota ishike kasi. Weka namba yoyote iliyo rahisi kusoma, kwa mfano 360, uachie kitufe, kisha andika usomaji kila dakika 5 kwa dakika 15. Chunga joto la injini wakati wote.

Toa mchango wa Dunia kwa latitudo yako, ukikumbuka kama nati ipo. Kinachobaki ni mpotoko wa kweli wa chombo. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni digrii 3 kwa dakika 15. Chini ya hapo, rubani anakirekebisha kwa dira kila robo saa na maisha yanaendelea.

Rudia ndege ikielekea upande mwingine, angalau mara mbili. Mpotoko ukibaki na ishara ileile na kiasi kilekile, ni jambo la kudumu: Dunia, nati, au gimbali iliyopoteza usawa. Ukiwa unarukaruka, mara ongezeko la 1, mara pungufu ya 4, hiyo ni tabia ya msuguano. Beringi za gimbali zinashika, zinaachia, na kila zinaposhika zinapinda mhimili kidogo.

Baada ya kuzima injini, usitoke haraka. Kaa kimya usikilize rota zikipunguza mwendo. Rota nzima inavuma laini kwa dakika kadhaa, sauti ikishuka taratibu. Ikikwaruza, au ikisimama mapema kuliko mwenzake ambaye ni mzima, beringi za rota zimechoka.

Mfano mmoja, hesabu hadi mwisho

Tuseme ndege iko latitudo 30 kaskazini, inaruka mashariki kwa noti 120 juu ya ardhi, chombo hakina fidia. Rubani amelinganisha kiashiria na dira kwa 090, amepita dakika 45 akishika 090 kwenye dira, na sasa kiashiria kinasoma 074. Kimepungua 16. Amesoma dira akiwa ameruka sawa, bila kugeuka wala kubadili mwendo, na amezingatia kadi ya makosa ya dira. Hilo si jambo dogo: ukilinganisha ndege ikiwa inaongeza mwendo, dira ndiyo inayosema uongo, nawe unaubandika kwenye kiashiria.

Dunia kwa latitudo 30 ni digrii 7.5 kwa saa, kwa dakika 45 ni 5.6. Safari ni 120 ÷ 60 mara 0.577, yaani 1.15 kwa saa, kwa dakika 45 ni 0.9. Jumla 6.5, zote za kupunguza. Zimebaki 9.5 kwa dakika 45, sawa na 3.2 kwa robo saa. Imevuka mpaka, ila kwa kidogo, na hali hiyo hunifanya nitazame hewa kabla ya chombo.

Kipimo cha ufyonzaji kinasoma 5.0, kijani kabisa. Wengi wangeishia hapo. Lakini kwenye ndege nyingi kipimo hicho kinalinganisha bomba la kufyonza na hewa ya ndani ya kabini, si na hewa inayoingia kwenye chombo. Kati ya kabini na chombo kuna chujio kuu. Likiziba, linafanya upande wa kuingilia nao uwe na shinikizo pungufu. Valvu ya kurekebisha ufyonzaji inaendelea kushikilia 5.0 dhidi ya kabini, kipimo kinaendelea kusema 5.0, ilhali tofauti halisi kati ya mlango wa kuingia na wa kutoka wa chombo ni, tuseme, 3.8. Rota inazunguka polepole na hakuna sindano inayosema hivyo.

Namna ya kulithibitisha ni kufunga kipimo cha tofauti ya shinikizo, mpira mmoja wa hewa kwenye mlango wa kuingia na mwingine kwenye wa kutoka, kisha kuwasha injini. Namba hii ikiwa chini ya ile ya dashibodi kwa kiasi kinachoonekana, badilisha chujio upime tena. Hapo ule uwiano unarudi. Kama kasi ya rota ilikuwa imeshuka kwa robo, kuirudisha kunashusha mpotoko kutoka 3.2 hadi 2.4 kwa robo saa, na chombo kiko ndani ya kipimo bila kuguswa. Usibane valvu ili kuinua namba ya dashibodi. Unaficha chujio, na siku chujio jipya litakapofungwa rota itapata hewa nyingi kupita kiasi na kula beringi zake.

Chujio kuu hubadilishwa kila saa 500 za kuruka au kila mwaka, na kile kidogo cha sponji kwenye valvu kila saa 100. Kabini yenye vumbi au moshi wa sigara haisubiri saa hizo. Lami ya tumbaku hukusanyika kwenye chujio na kwenye beringi, na ni rahisi kuitambua: chujio linanata.

Dalili: kiashiria hakipotoki polepole, kinaruka au kinaganda

Kikiganda wakati ndege inageuka, tazama kitufe kwanza. Kubonyeza kitufe kunashika gimbali ili uweze kuizungusha. Kisiporudi nje chote, gimbali inabaki imeshikwa. Kivute kwa kidole uone.

Kikipotoka tu wakati wa kona kali kisha kikarudi chenyewe ukinyoosha mabawa, hiyo ni jiometri ya gimbali, si hitilafu. Kisiporudi, na ndege ilikuwa imelala au imenyanyua pua kupita mipaka ya chombo (takriban digrii 55 kwa vya zamani), gimbali imegonga kizuizi na rota imepinduka. Nyoosha ndege, weka upya. Kikiendelea kuharibika baada ya hapo, pigo limeumiza beringi.

Dalili: upeo bandia umelala wakati ndege iko sawa

Hata huu unaburutwa na Dunia. Kama ungeachwa huru kwenye ikweta, mhimili wake uliosimama asubuhi ungekuwa umelala kabisa baada ya saa 6. Hauonekani ukifanya hivyo kwa sababu chini ya nyumba ya rota kuna matundu manne yanayotoa hewa, kila moja limefunikwa nusu na kibao chepesi kinachoning'inia. Rota ikiinama, vibao vinabaki vimening'inia wima, tundu moja linafunguka zaidi na mwenzake wa upande wa pili linafunga. Hewa inayotoka kwa nguvu upande mmoja inasukuma, na kwa kuwa presesheni hupeleka matokeo digrii 90 mbele, vibao vimepangwa vikisukuma robo mzunguko kabla ya pale panapotakiwa kunyooka. Rota inarudi wima kwa digrii kadhaa kila dakika, haraka kuliko Dunia, ambayo hata inapoburuta zaidi haizidi robo digrii kwa dakika.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba kibao kinachoning'inia hakitofautishi uzito na nguvu ya kona. Ndani ya kona kinatupwa pembeni, na kwa bidii yote kinaisawazisha rota na wima wa uongo. Ukitoka kwenye kona ya digrii 180, upeo unaweza kubaki umelala kati ya digrii 3 na 5 na kuonyesha pua juu kidogo. Ukiendelea hadi 360, makosa ya nusu ya pili yanafuta ya nusu ya kwanza. Vivyo hivyo ndege inapoongeza kasi kwenye njia ya kurukia, upeo unaonyesha kupanda kuliko ukweli. Ikipunguza, unaonyesha kushuka. Dakika chache za kuruka sawa zinafuta yote. Usiandike hitilafu hiyo kwenye daftari la ndege.

Andika hizi. Upeo usiosimama ndani ya dakika 5 baada ya kuwasha huku ufyonzaji ukiwa sawa kwenye mlango wa chombo. Upeo unaolala zaidi ya digrii 5 unapokata kona ukitembea ardhini. Upeo unaobaki umelala upande uleule daima, hata baada ya dakika 10 za kuruka sawa. Kabla ya kuushuku, hakikisha mpira wa kipimo cha mteleko uko katikati, maana ndege inayoruka kiubavu huvidanganya vibao kama kona inavyofanya, kisha pima kwa pima maji kama chombo kimefungwa sawa kwenye dashibodi. Vyote vikiwa sawa, kibao kimoja kimenata kwa uchafu, au tundu lake limeziba, na chombo kinakwenda karakana.

Dalili: vyote viwili vinaharibika pamoja

Vyombo viwili haviugui siku moja kwa bahati mbaya. Mara nyingi pampu ya kufyonza hewa ndiyo imekufa. Pampu kavu zina pepeo za kaboni zinazovunjika ghafla, bila dalili ya awali. Rota hazisimami papo hapo. Zinaendelea kwa dakika kadhaa kwa mwendo wake, ukakamavu ukipungua, na upeo unaanza kulala taratibu kiasi kwamba rubani aliye mawinguni anaufuata bila kujua. Kinachomwokoa ni kipimo cha ufyonzaji kilichoshuka, na kiashiria cha kona cha umeme kinachopingana na upeo. Akishajua, afunike vyombo vyote viwili kwa karatasi. Jicho haliwezi kuzoea kupuuza upeo uliolala.

Ardhini, kufunga pampu mpya bila kusafisha mipira ya hewa ni kuiua. Vumbi na vipande vya kaboni vya ile ya zamani vimebaki njiani. Ondoa mipira, ipulize kutoka upande wa vyombo ikiwa imetenganishwa navyo, badilisha iliyokakamaa au kupasuka ndani, badilisha vichujio vyote viwili. Usitumie tepu ya kuzungushia nyuzi za mabomba: uzi mmoja wake ukivutwa ndani unatosha kuvunja pepeo za pampu mpya.

Ukilazimika kung'oa chombo, subiri dakika 20 baada ya kuzima injini. Rota inaweza kuwa bado inazunguka ingawa hausikii kitu, na kuigeuza mkononi ikiwa na mwendo kunazitwisha beringi nguvu ya presesheni yote. Ziba milango ya hewa, kibebe kikiwa kimesimama kama kilivyokaa kwenye dashibodi, ukifunge kwa sponji nene. Kwenye karatasi inayoambatana nacho andika namba ulizopima: latitudo, mpotoko kwa kila upande, na ufyonzaji uliopimwa kwenye mlango wa chombo. Fundi wa karakana atakijaribu kwenye meza iliyo latitudo yake, na bila namba hizo hawezi kujua wewe uliona nini.